Samaki wa foili kwenye oveni: pima unene, si uzito

Swali huja lile lile: samaki wa kilo moja aokwe kwa dakika ngapi? Nalijibu kwa swali jingine: ana unene gani? Joto huingia kutoka nje kuelekea kwenye mwiba wa katikati, na muda linaotumia hutegemea umbali huo. Sato mpana wa nusu kilo anaweza kuwa na unene wa sentimita 3 na nusu, na pande la sangara la nusu kilo likawa na sentimita 5 na nusu. Ukiwapa muda mmoja kwa sababu mizani imesoma sawa, mmoja atakauka au mwingine atabaki mbichi katikati.

Foili inaongeza ugumu mmoja: humwoni samaki. Kwenye kikaango unaona ngozi ikibadilika rangi, ila ndani ya kifurushi anaiva kwa mvuke wake mwenyewe huku umefungiwa nje. Kwa hiyo kipimo unachochukua kabla ya kufunga ndicho kinachokuongoza hadi mwisho.

Katika mwongozo huu tutamwoka changu mzima wa takriban gramu 800, mwenye unene wa sentimita 5 baada ya kujazwa viungo. Kama wako ni sato, tasi, chewa mdogo au vipande vya nguru, hatua ni zizo hizo na kinachobadilika ni dakika tu.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Changu 1, ameparuliwa magamba, ametolewa matumbo na matamvua
- Foili, ikiwezekana ile nene. Kama ni nyembamba utaitumia tabaka mbili
- Karatasi ya kuokea, au jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika
- Trei yenye kingo, kwa sababu mchuzi ukivuja hautamwagikia chini ya oveni
- Rula, kisu chenye ncha, mkasi wa jikoni na njiti ndefu ya mishikaki
- Glavu mbili za oveni au vitambaa viwili vinene, vikavu kabisa
- Punje 5 za kitunguu saumu, tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, chumvi kijiko 1 cha chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai, binzari nyembamba nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko 2 vya chakula, ndimu 1
- Vitunguu maji 2, nyanya 1 ngumu na kotimiri kidogo

Kama samaki ametoka kwenye friza, mwache ayeyuke kwenye friji usiku kucha. Muda nitakaoutoa hapa ni wa samaki aliyeyeyuka. Mwenye barafu ndani anaiva juu huku karibu na mwiba akiwa baridi, na maji ya barafu hujaa kwenye kifurushi yakapoteza ladha yote ya viungo.

Jodari, nguru na vibua wanahitaji uangalifu zaidi. Wakikaa kwenye joto kabla ya kupikwa hutengeneza sumu inayoitwa histamini, na moto wa oveni hauiondoi. Anayeila huona uso ukiwaka na kuwa mwekundu, kichwa kikiuma, pengine na kuharisha. Wanunue wakiwa kwenye barafu, wayeyushe ndani ya friji wala si juu ya meza, na kama wameshinda juani usitegemee kwamba kuwapika sana kutawaokoa.

Hatua kwa hatua

1. Washa oveni, nyuzi 200. Hizi ni nyuzi za Selsiasi. Kama kitasa cha oveni yako kinaandika Farenhaiti, weka 400; kama ni ya gesi yenye namba 1 hadi 9, weka namba 6. Yenye feni iweke nyuzi 180, kwa sababu hewa inayozunguka hupeleka joto haraka zaidi. Tumia joto la juu na la chini pamoja, na uweke waya wa katikati. Iache ipate moto kwa dakika 15 au hadi taa yake izime. Dakika za kuoka zinahesabiwa kwenye oveni ambayo tayari ina moto; ukiingiza samaki wakati huo huo unapowasha, hesabu yote imeharibika.

2. Msafishe na ukate mapezi. Muoshe, kisha umkaushe kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni, nje na ndani ya tumbo. Kata mapezi yote kwa mkasi, hasa la mgongoni. Miiba ya pezi la changu ndiyo inayotoboa foili, na tundu dogo linatosha kutoa mvuke wote. Kwa wakati huu mlaze kwenye trei uone kama anaenea. Akizidi mlaze mshazari, na akiendelea kuzidi mkate kichwa.

3. Mchanje. Piga mikato mitatu kila upande, yenye kina cha kama sentimita moja. Usiufikie mwiba, kwa sababu samaki wa foili analainika sana na akichanjwa hadi mwisho atavunjika wakati wa kumtoa.

4. Mpake viungo. Twanga kitunguu saumu na tangawizi, changanya na chumvi, pilipili manga, binzari, mafuta na nusu ya ndimu. Paka kote, sukuma ndani ya mikato na ndani ya tumbo. Mwache dakika 15, basi. Wengi wetu tumezoea kumlaza samaki kwenye ndimu kwa muda mrefu ili kutoa shombo, lakini ndimu hubadilisha nyama ya juu ikawa nyeupe na kukakamaa kabla haijaona moto, na ukimwoka anakuwa kama chaki. Kama unapenda ndimu nyingi, kamulia ile nusu iliyobaki mezani.

5. Tandika foili. Kata kipande kirefu kuliko samaki kwa karibu sentimita 30, yaani 15 kila upande. Upande unaong'aa na usiong'aa hufanya kazi sawa, usihangaike kuchagua. Cha muhimu ni kuweka karatasi ya kuokea au jani la mgomba juu ya foili, ili samaki asiguse alumini. Chumvi, ndimu, nyanya na ukwaju huila foili: utaona madoa ya kijivu, vitobo vidogo, na mchuzi unapata ladha ya chuma. Mimi hupendelea jani la mgomba, kwa sababu linamlinda samaki na pia linampa harufu ambayo karatasi haina.

Panga vitunguu vilivyokatwa duara juu ya jani, mlaze samaki juu yake, kisha weka nyanya na kotimiri, kidogo tumboni na kidogo juu. Usimjaze tumbo hadi livimbe. Kila unachokiweka ndani kinaongeza unene.

6. Pima unene sasa, kabla ya kufunga. Tafuta sehemu iliyonona zaidi, ambayo kwa changu huwa nyuma kidogo ya kichwa. Simamisha rula pembeni ya samaki, laza kisu kikiwa sawasawa juu ya sehemu hiyo kifike kwenye rula, na usome namba. Mpime samaki pamoja na vilivyo tumboni, bila vitunguu vilivyo chini yake. Huyu wetu amesoma sentimita 5.

7. Funga kwa nafasi. Inua pande mbili ndefu za foili zikutane juu ya samaki, zikunje pamoja mara mbili, kisha kunja ncha za kichwani na mkiani kwa namna hiyo hiyo huku ukizielekeza juu. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya samaki na paa la foili. Mvuke unahitaji mahali pa kuzunguka; foili iliyombana samaki kama bandeji humfanya aive bila mpangilio, na ngozi hung'oka nayo. Mkunjo mkuu uwe juu, usiwe chini wala ubavuni, la sivyo mchuzi utavuja, na baadaye hutapata pa kufungulia kwa usalama.

8. Hesabu dakika, uingize. Kanuni ni hii: dakika 4 kwa kila sentimita ya unene, kisha ongeza 5 kwa ajili ya foili, kwa sababu joto huchelewa kidogo kuipenya. Changu wetu: 5 mara 4 ni 20, ongeza 5, jumla dakika 25. Kwa unene mwingine:

- Sentimita 2 (vipande vya nguru): dakika 13
- Sentimita 3 (sato mdogo): dakika 17
- Sentimita 4: dakika 21
- Sentimita 6: dakika 29

Samaki akizidi sentimita 7 usimwoke mzima kwa njia hii. Nje atakuwa amekauka wakati ndani ndiyo kwanza anaanza kuiva. Mkate vipande vya sentimita 3 au 4, uvifunge kando kando.

Ukiwa na samaki watatu, dakika hazijumlishwi. Fuata yule mnene kuliko wote, panga vifurushi na nafasi kati yao, na ongeza dakika 5 kwa sababu vitu baridi vingi hushusha joto la oveni. Usivipandanishe kimoja juu ya kingine. Hapo umewafanya samaki wawili kuwa mmoja mwenye unene mara mbili.

Usifungue mlango kuchungulia. Hakuna cha kuona ila foili, na kila ukifungua joto linatoka.

Kutoa na kufungua kifurushi

Nimeitenga sehemu hii kwa sababu ndipo watu wanapoungua, na wanaungua wakiwa wamefurahi kwamba kazi imekwisha. Foili yenyewe hupoa haraka sana ikitoka kwenye moto, kiasi kwamba unaweza kuigusa ukadhani yote yamepoa. Ndani kuna mchuzi uliokuwa ukitokota na mvuke uliobanwa, na ukipata tundu unatoka kwa ghafla kuelekea huko huko kwenye tundu. Kama tundu liko chini ya uso wako, unajua utakwenda wapi.

1. Zima oveni. Simama pembeni ya mlango, si mbele yake, ufungue kidogo kwanza, hewa ya moto itoke, ndipo ufungue wote. Mwenye miwani asubiri zaidi, maana vioo vitaingia ukungu na hatoona.

2. Vaa glavu mbili kavu, ushike trei, usishike kifurushi. Kifurushi kina mchuzi mzito upande wa chini, na foili iliyolainika ikichanika mikononi mwako mchuzi huo utaishia miguuni. Kitambaa kibichi ni hatari, kwa kuwa maji yaliyomo hupeleka joto kwenye ngozi papo hapo.

3. Weka trei mahali palipo imara, mbali na ukingo wa meza, na watoto wakae mbali. Acha kifurushi kimefungwa kwa dakika 3. Samaki anaendelea kuiva kidogo kwa joto lililomo, na mvuke unapungua nguvu.

4. Zungusha trei ili ncha ya mkiani iwe mbali nawe. Kwa ncha ya kisu au mkasi, toboa mwanya wa kama sentimita 3 kwenye ncha hiyo ya mbali, mkono ukiwa pembeni na uso ukiwa nyuma. Utausikia mvuke ukitoka. Subiri nusu dakika hadi utulie.

5. Sasa fungua mkunjo wa juu kuanzia kwenye mwanya huo, ukitumia uma au koleo badala ya vidole. Inua kwanza ukingo wa upande wa mbali. Ukingo wa upande wako ubaki umesimama kama ukuta kati yako na mvuke, na uushushe mwisho kabisa.

6. Jani la mgomba au karatasi ya ndani hufungia mvuke wake pia. Lifunue kwa uma, kwa utaratibu uleule wa upande wa mbali kwanza.

Mvuke ukikuunguza, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, na vua pete au saa kabla mkono haujavimba. Usipake dawa ya meno, mafuta wala barafu. Malengelenge yakiwa makubwa, au mtu akiungua usoni, au aliyeungua ni mtoto, nenda hospitali baada ya kupooza kwa maji.

Ameiva?

Ingiza ncha ya kisu kwenye sehemu ile ile uliyopima unene, upinde nyama kidogo utazame karibu na mwiba. Nyama iliyoiva imebadilika kutoka kioo kuwa nyeupe isiyopitisha mwanga, inaachana na mwiba bila kung'ang'ania, na hakuna damu wala rangi ya waridi mwibani. Kama una kipimajoto cha chakula, kichomeke hapo bila kugusa mwiba: nyuzi 63 zinatosha.

Bila kipimajoto, choma njiti ya mishikaki hadi katikati, hesabu hadi kumi, uitoe na uguse nayo mgongo wa mkono. Ikiwa ya moto sawasawa, ameiva. Ikiwa vuguvugu, bado. Njiti pia inakueleza kwa namna inavyoingia, kwani kwenye nyama iliyoiva hupita bila kukwama popote. Jicho jeupe ni dalili nzuri, ila usiliamini peke yake, kwa sababu kichwa kina unene wake na nyama ya mgongoni ina wake.

Kama bado, washa oveni tena hadi ipate moto ule ule, rudisha mikunjo na umrudishe oveni kwa dakika 5, kisha ujaribu tena. Utafungua kwa tahadhari ile ile, maana mvuke mpya umeshajikusanya.

Wapenda ngozi iliyokauka na kupata rangi, baada ya kuhakikisha ameiva acha foili wazi, kunja kingo chini na karatasi ya kuokea uiondoe kabisa, kwa kuwa inashika moto chini ya waya za moto za juu. Jani likijitokeza nje ya samaki likate. Washa joto la juu peke yake kwa dakika 3 hadi 5 na usiondoke jikoni.

Mambo yakienda kombo

*Dakika zimetimia lakini katikati ni mbichi.* Mara nyingi oveni ndiyo haifikii joto inalodai. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni kitakuonyesha. Kikisoma 180 wakati kitasa kinasema 200, panda kitasa hadi kisome 200. Sababu nyingine ni samaki ambaye hakuyeyuka vizuri, au unene uliopimwa kabla ya kujaza tumbo.

*Amekauka, na kuna utando mweupe kama yai juu ya nyama.* Huo ni utomvu wa nyama uliokamuliwa nje na joto lililozidi. Unalika. Safari ijayo punguza dakika 3, na usimwache kwenye foili iliyofungwa akisubiri wageni, kwa sababu humo anaendelea kuiva.

*Kifurushi kimejaa maji.* Hukumkausha, au nyanya zilikuwa mbivu sana, au vitunguu vilizidi. Usimwage, mimina kwenye sufuria ndogo, chemsha hadi uzidi kuwa mzito, uurudishe juu ya samaki. Ukiongeza vijiko viwili vya tui zito unapata mchuzi wa kulia wali.

*Ngozi imeganda kwenye foili.* Hapakuwa na jani, karatasi wala mafuta chini yake.

*Trei imejaa mchuzi na samaki hana kitu.* Foili ilitobolewa na pezi au mkunjo uliwekwa chini. Ukiligundua mapema, usimfungue. Funga foili nyingine juu ya ile ya kwanza.

*Oveni ndogo ya mezani.* Waya zake za moto ziko karibu sana. Foili isiguse waya hata kidogo, wala usitandike foili chini ya oveni kuzuia uchafu. Shusha joto hadi 190 na utumie vifurushi vya bapa, vya vipande badala ya samaki mzima. Maikrowevu haihusiki kabisa hapa. Foili ndani yake hutoa cheche.

*Amebaki.* Mtoe kwenye foili ndani ya saa 2, umweke kwenye chombo chenye mfuniko na uingize kwenye friji. Chumvi na ndimu zitaendelea kuila foili usiku kucha ukimwacha humo. Kesho yake mchambue miba na umkaange kidogo na vitunguu, au umtie kwenye mchuzi wa nazi dakika za mwisho, achemke hadi awe wa moto kabisa.